Maombi ya kebo na plagi za studio

Chumba cha mitambo,
Redio ya jamii, Mikindani,
Mtwara.
12 Machi 2025

Kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam na ng'ambo mnaoichangia redio,

YAH: KEBO NA PLAGI ZINAZOHITAJIKA HARAKA STUDIO

Assalaam aleikum, na habari za siku nyingi. Huku tuzima, na redio iko hewani, japo kwa kubembelezwa. Meneja ameniambia mmeuliza safari hii mtume nini, akaniachia mimi niwajibu, maana ninayeshika pasi ya kulehemu ni mimi.

Nianze na kiberiti. Maiki ya mtangazaji mkuu imewekewa kiberiti kitupu chini ya plagi, ili waya ukae umepinda vilevile ulivyopinda. Ukinyooka, sauti inakata. Wiki iliyopita mtangazaji alikuwa anawasomea wavuvi tahadhari ya upepo mkali kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, akageuza karatasi, kiwiko kikagusa kiberiti. Wasikilizaji walisikia "upepo unatarajiwa kuvuma kutoka", halafu kimya. Akarudia yote tangu mwanzo, lakini simu zilikuwa zimeshaanza kuingia: kutoka wapi, kusi au kaskazi?

Nilipoifungua plagi ile nilikuta kutu ya kijani, na uzi mmoja wa shaba umeshikilia kwa nywele tatu. Hapa bahari iko jirani, hewa ina chumvi, na plagi za bei rahisi rangi yake ya fedha inabanduka mapema sana. Nimeshazikata ncha na kulehemu upya mara nyingi, na kila nikikata waya unapungua. Kebo iliyokuwa ya mita tano leo haifiki mezani bila kusogeza kiti.

Sasa naomba mniwie radhi kwa neno moja kuhusu boksi la mwaka jana. Tulilipokea kwa furaha na bado tunashukuru, lakini nyingi mle zilikuwa kebo za gitaa. Kwa macho ni kebo nzuri, nene, jeki inang'aa. Ila ndani ina waya mmoja tu wa sauti na wavu wa shaba unaouzunguka. Gitaa linatosheka na hivyo, maiki ya studio haitosheki. Tunachohitaji ni kebo ya balansi: nyaya mbili za sauti ndani ya wavu mmoja. Sauti ileile inapita kwenye nyaya zote mbili, ila mmoja umegeuzwa. Kelele ya umeme ikiingia njiani inaingia sawasawa kwa wote wawili, na miksa inachukua tofauti yao tu, kwa hiyo kelele inajifuta yenyewe. Ule mngurumo mnaousikia nyuma ya taarifa ya habari mkitufungulia mkiwa likizo ni hizo kebo za gitaa, nilizozitandika kwa shida kutoka miksa hadi chumba cha transmita, mita 12, sambamba na nyaya za umeme. Maiki yetu moja ya kondensa ndiyo haifanyi kazi kabisa, kwa sababu inadai volti 48 kutoka kwenye miksa, na umeme huo hupitia kwenye hizo nyaya mbili.

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba msininunulie kebo zilizokwisha kufungwa plagi. Nitumieni waya wa roli na plagi tupu, nitazilehemu mwenyewe kwa urefu ninaoutaka. Plagi ya kufungua kwa kuzungusha inatengenezeka ikiharibika. Ile iliyomiminiwa plastiki ikikata ndani ni ya kutupa.

Hesabu yangu ni hii, pamoja na bei nilizotajiwa kwa simu na maduka ya Dar es Salaam:

Waya wa balansi wa maiki, roli moja la mita 100: shilingi 450,000. Maiki nne za studio zitakula mita 20, mbili za kwendea vijijini mita 20 kila moja, njia mbili za transmita mita 24, spika za studio mita 10. Hiyo ni mita 94, na zinazobaki ni za kompyuta na simu.

Plagi za XLR, zile za maiki zenye pini tatu, jike 12 na dume 12, kila moja 14,000: jumla 336,000. Kila kebo inakula jike moja upande wa maiki na dume moja upande wa miksa. Nina kebo kumi za kufunga, na jozi mbili ni akiba. Jina la kumtajia muuzaji ni Neutrik, NC3FXX kwa jike na NC3MXX kwa dume. Za kuiga ni nyingi sokoni, na mimi mwenyewe nimeshauziwa: kifuniko kilikataa kuzunguka, na ndani plastiki ikayeyuka pasi ilipogusa. Muuzaji akubali mzijaribu kufungua na kufunga palepale.

Jeki kubwa za milimita 6.35, nane za stereo na mbili za mono, kila moja 10,000: 100,000. Ni za hedifoni na spika. Ya stereo ina mistari miwili myeusi shingoni, ya mono ina mmoja.

Jeki ndogo za milimita 3.5, mbili zenye mistari miwili na mbili zenye mitatu, kila moja 6,000: 24,000. Naomba hizi zisipuuzwe kwa udogo wake. Zenye mitatu ni za simu ya kupokea wasikilizaji. Ukichomeka ya mistari miwili, njia ya maiki ya simu inaguswa na waya wa ardhi, na sauti ya mtangazaji kutoka kwenye miksa haimfikii aliyepiga. Ndiyo maana kila jioni tunasikika tukiita "haloo, haloo" kama watu waliopotea porini.

Kisanduku cha DI cha njia mbili: 150,000. Hiki si kebo, lakini kompyuta ya muziki inavuma ikiunganishwa na miksa, na kisanduku chenye transfoma ndani kinaitenga.

Risasi ya kulehemu ya nusu kilo na mipira ya kubana kwa joto: 80,000. Nauli ya mzigo kwa basi hadi Mtwara: 30,000.

Jumla kuu ni shilingi 1,170,000. Pesa zikiwa pungufu, anzeni na roli la waya na plagi za XLR. Hizo mbili pekee zitamaliza mngurumo na kukiondoa kiberiti. Kisanduku cha DI kinaweza kungoja hadi baada ya kusi. Za RCA, zile nyekundu na nyeupe, msinitumie kabisa. Ninazo mfuko mzima, na watoto wa jirani wameshaanza kuzichezea.

Mzigo mkiutuma, fungeni plagi kwenye mfuko wa nailoni uliobanwa vizuri, msizichanganye na risasi. Nitakwenda kuupokea stendi mwenyewe. Kazi yote naikadiria siku tatu, usiku baada ya matangazo kufungwa, na nitawaletea picha za kila kebo pamoja na risiti.

Wenu katika kazi,

Fundi mitambo

Nakala: Meneja wa kituo