Utunzaji wa Miguu Iliyopungua Hisia kwa Mgonjwa wa Kisukari

Umepewa karatasi hii kwa sababu leo, hapa klinikini, muuguzi alikugusa nyayo kwa uzi wa nailoni ukiwa umefumba macho, na ziko sehemu kadhaa ambapo hukujua kwamba umeguswa. Uzi ule hupinda unapobonyezwa kwa nguvu ya gramu 10, na mtu asiyeusikia amepoteza kiwango cha hisia kinachohitajika kuukinga mguu usijeruhiwe. Tafadhali isome pamoja na mtu unayeishi naye, kwa kuwa baadhi ya mambo yaliyomo ni rahisi zaidi yakifanywa na watu wawili.

Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na mishipa mirefu ndiyo huathirika kwanza, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni na kwenye nyayo kisha ikapanda polepole. Sukari hiyohiyo, hasa ikiandamana na presha au uvutaji wa sigara, huibana mishipa ya damu ya miguuni, kwa hivyo jeraha likishatokea hupona kwa taabu. Huenda usiku bado unasikia nyayo zikiwaka moto, au kama sindano zinakuchoma. Hiyo si dalili kwamba hisia ipo, kwani mguu unaweza kuwaka hivyo na papo hapo usisikie msumari ukiingia.

Maumivu yalikuwa bawabu wa miguu yako, naye sasa hayupo mlangoni. Kazi yake lazima ifanywe na macho na mikono, kila siku, hata siku ambazo hujisikii na tatizo lolote. Tunalisisitiza hili kwa sababu wagonjwa wengi wanaofika na kidonda kilichokwisha kuingia ndani hutuambia neno moja, kwamba hawakuja mapema kwa kuwa hakikuwa kikiuma.

Ukaguzi wa kila siku

Chagua wakati mmoja ambao hutausahau. Jioni baada ya kuoga ni wakati mzuri, maana mchana mzima umetembea na jeraha la siku hiyo utaliona likiwa bado jipya. Keti penye mwanga wa kutosha. Kwa wanaoswali, udhu ni nafasi nyingine ya kuitazama miguu, lakini isichukue pahala pa ukaguzi kamili, kwa kuwa anayetawadha huwa ana haraka na nyayo hazioni.

Anza na vidole. Vitenganishe kimoja kimoja na uangalie katikati yake, hasa kati ya kidole cha nne na kile kidogo, ambapo unyevu wa hewa yetu ya pwani hukaa na ngozi ikawa nyeupe, laini na yenye kuchanika. Huko ndiko fangasi huanzia, na mpasuko mdogo wa fangasi ni mlango tosha wa vijidudu. Kisha tazama kucha na pembe zake, juu ya mguu, pande zote mbili, kisigino, na mwisho wayo wote. Ikiwa huwezi kuupinda mguu, weka kioo sakafuni na uushike mguu juu yake. Ikiwa macho yako pia yamepungua nguvu, jambo la kawaida kwa wenye kisukari, mwombe mke, mume, mtoto au mjukuu akukagulie, wala usione haya.

Unachotafuta ni mkwaruzo, lengelenge, mpasuko, kitu kilichochoma, uvimbe na mabadiliko ya rangi. Kwa ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, wekundu hauonekani waziwazi. Mara nyingi sehemu yenye tatizo huwa nyeusi zaidi kuliko kawaida, au ya zambarau, au inang'aa kwa kuvutika. Kwa hivyo tumia pia mgongo wa mkono wako. Gusa mguu wa kulia, kisha gusa pahala hapohapo kwenye wa kushoto, na ulinganishe joto. Sehemu iliyo moto kuliko mwenzake inaeleza jambo hata kama ngozi haijakatika. Ukiona sugu iliyokuwa ya manjano imepata doa jeusi au la rangi ya damu ndani yake, chukulia kwamba chini yake kuna kidonda.

Angalia soksi unapozivua, maana alama ya damu au majimaji huonekana hapo kwanza. Vilevile, kabla ya kuvaa kiatu, kikung'ute na upitishe mkono ndani hadi kwenye ncha. Changarawe, kishikizo cha shati, ncha ya msumari iliyotokeza kwenye soli, au mshono uliojikunja unaweza kukaa chini ya mguu wako kutwa nzima usijue.

Kina mama wanaopaka hina wanapaswa kufahamu kwamba rangi yake nyayoni huficha mabadiliko yote tuliyoyataja. Tunaomba hina ipakwe mikononi na nyayo ziachwe wazi. Piko ya dukani iepukwe kabisa miguuni, kwa kuwa kemikali inayotiwa ndani yake huweza kuiunguza ngozi na kuitoa malengelenge.

Kuosha, kucha na viatu

Osha miguu kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, bila kuiroweka. Joto la maji lisipimwe kwa mguu bali kwa kiwiko, au na mtu mwingine ikiwa mikono yako nayo ina ganzi. Kausha kwa taulo laini, na kati ya vidole kausha kwa makini zaidi. Baada ya hapo paka vaselini au mafuta ya nazi juu ya mguu na kwenye kisigino ili ngozi isipasuke, lakini usipake kati ya vidole.

Kata kucha kwa kufuata mstari ulionyooka, usichimbe pembeni, na ulainishe ncha kwa tupa ya kucha. Kucha nene au zilizojikunja ziletwe klinikini. Sugu isikatwe kwa wembe wala isiwekwe dawa za kuichoma zinazouzwa madukani, kwa sababu dawa hizo hazichagui kati ya sugu na nyama nzima.

Usitembee peku mahali popote, na ndani ya nyumba ni mahali popote. Katika miezi ya kaskazi, lami, mchanga wa ufuoni na sakafu ya uwanja wa msikiti hupata joto la kuunguza, na mtu mwenye ganzi huweza kuvuka pale kwa utulivu, akafika nyumbani na kuikuta ngozi ya wayo imetoka. Ukienda msikitini, vaa viatu hadi kizingitini na uswali kwa soksi safi. Ukipanda bodaboda, uweke mguu mbali na ekzosi, na unapopika au kuota moto, jiko la makaa lisiwe karibu na miguu.

Kandambili hazikufai kwa matembezi ya nje, maana kamba yake hukwaruza kati ya vidole na soli yake hupenywa na msumari au mwiba kwa urahisi. Viatu vilivyofunika vidole na kisigino, vyenye soli ngumu na nafasi ya kama sentimita moja mbele ya kidole kirefu, ndivyo bora. Vinunue alasiri, miguu ikiwa imekwisha kuvimba kidogo kwa shughuli za siku, na hapo mwanzo uvivae kwa muda mfupi mfupi huku ukikagua ngozi kila unapovivua. Soksi ziwe za pamba, za rangi nyeupe au hafifu, zisizobana mguuni, na zibadilishwe kila siku.

Jambo moja ambalo watu huona vigumu kulitamka ni panya. Panya hutafuna vidole na visigino vya mtu aliyelala ambaye miguu yake haina hisia, naye huamka asubuhi akikuta damu shukani. Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, nenda kitandani na miguu iliyooshwa, na nyumba ikiwa na panya shughulikia hilo mapema.

Dalili za hatari

Kidonda chochote kipya, hata kiwe kidogo kama punje ya mchele, lengelenge, ukucha ulioingia nyamani, au sehemu iliyobadilika rangi ni sababu ya kufika kituo cha afya siku hiyohiyo, na usipitishe saa 24. Usingoje tarehe ya kliniki. Kabla ya kutoka nyumbani, osha jeraha kwa maji safi, lifunike kwa shashi kavu, na upunguze kuukanyagia mguu huo. Lengelenge lisipasuliwe. Usiweke jivu, dawa ya meno, mafuta ya taa, spiriti wala unga wa vidonge, kwa kuwa vitu hivyo huzidi kuiua nyama na humzuia daktari kuona kina cha kidonda.

Iko dalili nyingine ambayo hupita bila kutambuliwa. Mguu mmoja huvimba, huwa na joto kuliko mwenzake, pengine na wekundu, na hauna kidonda chochote wala haumi sana. Huenda mifupa yake inavunjika kidogo kidogo ndani, na kila hatua unayopiga inauharibu umbo. Acha kuutembelea na uje siku hiyohiyo, hata kama mtu amekwambia kwamba ni kuteguka tu.

Nenda moja kwa moja kwenye kitengo cha dharura, iwe mchana au usiku, ukiona kidole au sehemu ya mguu imegeuka nyeusi, mguu umekuwa baridi na kupauka ghafla, kidonda kinatoa harufu mbaya au usaha, au wekundu na uvimbe vinapanda kuelekea kifundoni. Fanya vivyo hivyo ukipata homa au kutetemeka, au sukari ikipanda bila sababu unayoijua ilhali una kidonda. Uambukizi wa mguu unaweza kupanda kwa muda wa saa chache. Hospitali za Likoni, Port Reitz na Tudor hapa Mombasa zinaweza kuwa karibu nawe kuliko hospitali kuu ya Makadara, na ni afadhali uanzie penye ukaribu na upewe rufaa kuliko kungoja kupambazuke. Ukifika, sema maneno haya mwanzo kabisa: "Nina kisukari, miguu yangu haina hisia, na nina tatizo la mguu." Endelea na dawa zako za sukari isipokuwa uambiwe vinginevyo na anayekutibu.

Ikiwa unavuta sigara au shisha, tuambie, tutakusaidia kuacha, kwa maana tumbaku huzidi kuibana mishipa ya damu ambayo tayari ni myembamba.

Miguu yako itapimwa tena baada ya miezi 3. Siku hiyo njoo na viatu unavyovaa mara nyingi zaidi, hata vikiwa vimechakaa, kwa sababu namna soli ilivyoliwa hutuonyesha ni wapi mguu unabeba uzito kupita kiasi. Njoo pia na yule anayekusaidia kukagua nyumbani, ili muuguzi amwonyeshe kwa mkono wake jinsi ya kulinganisha joto la miguu miwili.