Mtoto Kalala Njaani

Kengele ya saa nane ilikuwa imekwishalia Mwanaidi alipobisha mlango wa ofisi ya walimu, daftari kifuani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ingia. Ni ile tisa?"

"Ndiyo, mwalimu. Tisa kwa kumi na nne. Mizani nimepewa tatu kwa nane."

Mwalimu Kombo alikivuta kishikwambi, kimojawapo cha vile walivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, akatafuta jina lake. Mwaka huu alikuwa na mikondo mitatu ya kidato cha tatu, wanafunzi 52 kila mmoja. Kila mwanafunzi alitunga tarbia ya beti nne: mashairi 156, mishororo 2,496 ya kuhesabiwa silabi. Mwalimu wa kompyuta alipomtengenezea programu ya kusahihisha umbo, aliishukuru kama mtu aliyetuliwa mzigo. Programu ilitoa alama 14: nusu alama kwa kila mshororo wenye mizani 8 kwa 8, moja kwa kila ubeti wenye vina vilivyotimia, mbili za muundo. Sita za maudhui na lugha alibaki nazo yeye.

"Mishororo kumi imepungua mizani," alisoma. "Ubeti wa kwanza peke yake una mitatu. Mashine haikujui, binti, haikuonei. Imehesabu tu."

"Basi naomba tuhesabu na sisi."

Akafungua daftari mezani.

*Mvuvi katoka pwani, katweka ngalawa tanga,*
*Mkewe yu mlangoni, macho kayakaza anga,*
*Mtoto yu mgongoni, amelala kwenye kanga,*
*Kusi kali baharini, Mola ndiye wa kukinga.*

Kwenye kioo, pembeni mwa mishororo hiyo, zilisomeka namba: 7 na 8, 6 na 8, 6 na 8, 8 na 8.

Mwanaidi aligonga meza kwa kidole, silabi moja pigo moja. "M-vu-vi, ka-to-ka, pwa-ni. Nane. M-ke-we, yu, m-la-ngo-ni. Nane. M-to-to, yu, m-go-ngo-ni."

"Nane," Mwalimu Kombo alimalizia. Akarudia mwenyewe kwa kalamu, polepole. Ikawa nane tena.

Aliita meza ya pili. Mwalimu wa kompyuta akaja na kompyuta yake, akaonyesha mistari miwili:

```
mizani = len(re.findall(r"[aeiou]", kipande))
kina = kipande[-2:]
```

Programu ilikuwa inahesabu irabu. Kwa maneno mengi njia hiyo haikosei, kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu. Lakini *m* ya *mtoto* husimama peke yake, nayo ni silabi kamili. Vivyo hivyo *n* ya *nchi* na ya *nne*. Mkewe aliyesimama mlangoni alikuwa na herufi mbili za namna hiyo, na zote zimeliwa. Mwalimu Kombo alikumbuka alivyoijaribu programu kwa mishororo kumi ya ubaoni. Yote ilihusu *elimu*, *dunia*, *subira*. Hapakuwa na *m* hata moja ya kusimama yenyewe.

"Kwa hiyo aliyeandika juu ya mtu, mke, mvuvi na mtumbwi ndiye aliyepunguziwa," Mwanaidi alisema, "na aliyeandika juu ya dunia na subira kapita."

"Ndivyo." Hakumficha. "Nami niliidhinisha bila kusoma. Hapo umenishika."

"Basi ni nane kwa nane, mwalimu."

"Ngoja kwanza. Tumeanza kuhesabu, tuhesabu yote."

Walipita ubeti wa pili, ukawa sawa. Kwenye wa tatu kalamu ilisita.

*Mtoto kalala njaani, jirani wapiga soga.*

"Gonga meza."

Aligonga. "M-to-to, ka-la-la, nja-a-ni." Akanyamaza, akaanza upya. Zilikuwa tisa. Programu iliona irabu nane ikaupitisha mshororo huo kwa nusu alama kamili.

"Umezidisha mzani mmoja. Na kina cha mwisho hapa ni nini?"

"*Ga.*"

"Na cha mishororo mitatu iliyobaki?"

"*Nga.*" Uso ulimbadilika. "Lakini mashine imenipa nne kwa nne za vina, mwalimu."

"Inatazama herufi mbili za mwisho. *Tanga* na *soga* zote zinaishia *g* na *a*. Sikio halisikii hivyo. *So-ga. Ta-nga.* Ukiimba mbele ya watu watageuka."

"Mimi sikuja kulalamikia vina."

"Najua. Lakini huwezi kusema mashine ni kiziwi ikikupunguzia, ikikuongezea iwe na masikio."

Mwanaidi alitazama daftari lake kwa muda. Alipojibu, sauti ilikuwa imepanda kidogo. "Mwalimu, *soga* nimeliweka makusudi. Mtoto ana njaa, majirani wanaongea tu, hawana habari. Nikiandika *jirani hawana unga*, kina kinakaa, lakini nimewasingizia ufukara. Unga wanao. Moyo ndio hawana."

Hoja hiyo ilimpendeza Mwalimu Kombo, wala hakutaka kuizima kwa haraka. Mtunzi anayelipigania neno namna hii keshaacha kutafuta alama. "Maana yako ni nzuri, na kwenye sita zangu nitaihesabu. Ila umechagua tarbia. Ungeandika shairi huru nisingegusa *soga*. Ukishamwahidi msikilizaji kina mara kumi na moja, ya kumi na mbili ukimnyima atadhani umekwama."

Alipiga hesabu pembeni mwa ukurasa. Mizani: mishororo 15 kwa 16, saba na nusu. Vina: tatu kwa nne. Muundo: mbili. Jumla kumi na mbili na nusu.

"Na wenzangu?" Mwanaidi aliuliza.

Mwalimu wa kompyuta alidakia kwamba angerekebisha jioni ile: *m* ikifuatwa na konsonanti ihesabiwe silabi, isipokuwa mbele ya *b*, ili *mbuzi* abaki mbili.

"Na *mbwa*?" Mwalimu Kombo aliuliza. "M-bwa. Mbili."

"Basi nitaweka orodha ya maneno ya pekee."

"*Mtu mbaya* ni mizani mingapi?"

"M-tu, m-ba-ya. Mitano."

"*Nyumba mbaya*?"

Mwanaidi ndiye aliyejibu. "Nyu-mba, mba-ya. Minne."

"Herufi ni zilezile. Na *mbuni* anayeruka..."

"Mbuni haruki, mwalimu."

"Anayekimbia. Huyo ni *mbu-ni*. *Mbuni* wa kahawa ni *m-bu-ni*. Orodha yako itajuaje ni yupi?"

Mwalimu wa kompyuta alikuna kidevu. Walikubaliana programu ibaki kuweka alama ya penseli tu kwenye kila neno lenye *m* au *n* mbele ya konsonanti, na hesabu ya mwisho ifanywe kwa mkono. Mwalimu Kombo alijua maana yake: madaftari 156 mezani tena, na baadhi ya waliopata kumi na nne wangeshuka.

"Wanaoshuka watanichukia mimi," Mwanaidi alisema.

"Watakuja kwangu. Nitawagongea meza."

Mwanaidi hakuondoka. Alivuta kiti, akafuta *Mtoto*, akaandika *Mwana*: *mwa-na ka-la-la nja-a-ni*, nane. Kipande cha pili kilimchukua muda mrefu zaidi, midomo ikicheza, kidole kikipiga ukingo wa meza. Kisha akaligeuza daftari lielekee kwa mwalimu.

*Mwana kalala njaani, jirani wala karanga.*

Mwalimu Kombo aligonga mapigo kumi na sita, akavuta daftari la kwanza la mkondo wa A.