Kuhusu swali la 3 la Neema

Mama Neema habari za jioni, picha ya daftari nimeiona. Swali la 3, 2/3 + 1/4, kaandika 3/7, yaani kajumlisha juu kwa juu chini kwa chini, wengi wanaanguka hapo. Sasa asili 3 na 4 hazifanani, tunatafuta namba ndogo inayogawanyika kwa zote mbili, ni 12, hapo 2/3 unazidisha juu na chini kwa 4 inakuwa 8/12, 1/4 kwa 3 inakuwa 3/12, vipande vishalingana ndo unajumlisha za juu tu: 11/12. Mwonyeshe 3/7 ni ndogo hata kuliko 2/3 aliyoanza nayo, atashtuka mwenyewe. Halafu pembeni naona aliandika 12 akaifuta jamani! Swali la 4 arudie mwenyewe, usimsaidie, kesho anitumie picha.