Kutafuta funguo tarajiwa zote: maelezo baada ya zoezi

Ndugu wanafunzi,

Nimemaliza kusahihisha zoezi la tegemezi. Wengi wenu mmepata ufunguo mmoja sahihi, mkaupigia mstari, mkahamia swali linalofuata. Swali lilitaka funguo tarajiwa zote. Nawaandikia njia nzima kwa sababu mada za majedwali sanifu zinazokuja zinasimama juu ya hili, na asiyelishika hapa atahangaika huko mbele.

Tukiandika X → Y tunasema hivi: safu mbili za jedwali zikilingana kwenye X, lazima zilingane kwenye Y pia. Neno zito hapo ni "lazima". Utegemezi ni kanuni ya shughuli yenyewe, hausomwi kwenye data iliyopo leo. Jedwali lenye safu kumi linaweza kuonyesha kwamba hakuna majina mawili yanayofanana, lakini hilo halifanyi jina limtambulishe mtu. Data inaweza kukanusha utegemezi, kuuthibitisha haiwezi.

Tuchukue jedwali la miadi ya kliniki. D ni daktari, S ni saa pamoja na tarehe yake, C chumba, G mgonjwa, I idara. Kanuni za kliniki ni hizi:

```
D  → I
DS → CG
GS → D
CS → D
```

Yaani daktari ana idara moja. Kwa saa fulani yumo chumba kimoja na mgonjwa mmoja. Mgonjwa kwa saa fulani anaonana na daktari mmoja. Na chumba kwa saa fulani kina daktari mmoja.

Chombo chetu kikuu ni upeo wa seti ya sifa, tunaouandika X⁺: sifa zote zinazopatikana ukianza na X na kufuata mishale. Tutafute GS⁺. Tunaanza na G na S mkononi. Mshale wa kwanza unadai D, hatuna, tunaupita. Wa pili unadai D na S, tunaupita pia. Wa tatu unadai G na S, tunazo, kwa hiyo tunaongeza D. Wa nne unadai C, bado hatuna. Wengi wenu mmeishia hapo mkaandika GS⁺ = GSD. Lakini sasa D imeingia, na ile mishale ya juu tuliyoiruka imefunguka. Rudini mwanzo: D inaleta I, DS inaleta C. Upeo ni sifa zote tano. Kanuni ni kwamba mnazunguka orodha mpaka mzunguko mzima upite bila kuongeza kitu.

Seti ambayo upeo wake ni jedwali zima naiita ufunguo mpana. Inakuwa ufunguo tarajiwa ikiwa hakuna sifa inayoweza kuondolewa humo bila kuuharibu. Kuhakiki hilo hakuhitaji kupima kila seti ndogo: toa sifa moja moja tu, upime upeo wa kinachobaki. Seti ikipungua, upeo wake hauwezi kukua, kwa hiyo kama kutoa sifa moja kunauvunja ufunguo, kutoa mbili hakutauponya. DSI inafika kote, lakini ukiitoa I, DS bado inafika kote. DSI basi ni ufunguo mpana tu.

Kabla ya kupima chochote, angalieni kila sifa iko upande gani wa mishale. S haipo kulia popote, hivyo hakuna mshale utakaoileta. Lazima iwe ndani ya kila ufunguo. I ipo kulia tu, haimsaidii mtu yeyote kufika popote. Haitakuwamo kwenye ufunguo wowote. Zinabaki D, C na G. S peke yake haifiki mbali, S⁺ = S. Tukiongeza moja moja, DS, GS na CS zote zinafika kote. Seti nyingine yoyote inayofika kote ina S na angalau moja kati ya hizo tatu, kwa hiyo ina mojawapo ya funguo hizi ndani yake. Jibu ni funguo tatu, na tumethibitisha kwamba hakuna wa nne.

Angalizo moja: tuseme jedwali linaongezewa L, dalili aliyoeleza mgonjwa, na mgonjwa mmoja anaweza kueleza dalili kadhaa katika miadi moja. L haitajwi kwenye mshale wowote, na ndiyo sababu wengi huisahau. Kwa kuwa hakuna kinachoileta, inaingia kwenye kila ufunguo: DSL, GSL, CSL.

Ugumu halisi unakuja pale kila sifa inapokuwa kulia mahali fulani. Hilo ndilo lilikuwa swali la mwisho la zoezi:

```
PQ → R
R  → T
T  → P
QT → U
U  → Q
```

Hapa hakuna pa kuanzia kwa kutazama pande. Mnaweza kupima sifa moja moja, kisha jozi, lakini ipo njia iliyochapishwa na Lucchesi na Osborn mwaka 1978 ambayo naipenda kwa sababu inatoka kwenye ufunguo mmoja kwenda kwa mwingine. Mkiwa na ufunguo K, chukueni kila mshale X → Y ambao Y yake inagusa K. Toeni Y kwenye K, wekeni X mahali pake. Seti inayopatikana inafika kote, maana X itairudisha Y. Ikiwa tayari ina ufunguo mnaoujua, iacheni. La sivyo, ipunguzeni hadi isipungue tena. Huo ni ufunguo mpya.

Tuanze na PQ, ambao unaleta R, kisha T, kisha U. T → P inagusa P: tunapata TQ. R → T inagusa TQ: tunapata RQ. PQ → R inagusa RQ: tunarudi PQ, tunaiacha. Sasa U → Q inagusa zote tatu na kutupa PU, TU na RU. QT → U ikitumika kwa PU inatoa PQT, ambayo ina PQ ndani yake. Mishale mingine nayo haileti kipya. Funguo ni sita:

```
PQ  RQ  TQ  PU  RU  TU
```

Idadi hiyo isiwashangaze. Sifa 10 zinaweza kuwa na funguo tarajiwa hadi 252, kwa hiyo hakuna njia itakayokuwa ya haraka daima.

Na kwa nini nasisitiza zote? Umbo sanifu la tatu linaukubali mshale ikiwa kushoto kwake ni ufunguo mpana, au ikiwa kila sifa mpya iliyo kulia kwake imo katika ufunguo tarajiwa wowote. Aliyeishia PQ ataitazama R → T, aone R haifiki kote na T haimo PQ, aandike kwamba jedwali limevunja umbo la tatu, kisha alipasue. Lakini T imo ndani ya TQ. Kila sifa hapa imo ndani ya ufunguo fulani, hivyo jedwali liko sawa kabisa katika umbo la tatu. Linaloshindwa ni umbo la Boyce na Codd, ambalo halina msamaha huo: R, T na U ziko kushoto kwa mishale yao bila kuwa funguo.

Rudieni swali la mwisho mkianzia RU badala ya PQ, mlete kazi yote ya hatua kwa hatua kipindi kijacho. Mkipata chini ya sita, kuna mshale mmeuruka.