Kipindi cha Kwanza: Ikolojia ya Ziwa

Habari za asubuhi. Karibuni, wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Jina langu nimeliandika ubaoni. Niiteni Mwalimu, inatosha. Nami ni mgeni chuoni hapa kama ninyi, hii ndiyo wiki yangu ya kwanza. Ila Ziwa Victoria, tutakalolisoma, si geni kwangu. Nimekulia Ukerewe, nikianika dagaa na mama kabla ya kwenda shule.

Leo alfajiri nimepita Mwaloni Kirumba, nikanunua hawa. Pitisheni sahani, kila mmoja achukue dagaa mmoja. Mtazameni jicho, kubwa kuliko mlivyodhani. Wavuvi humvua usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Kwa nini? Andikeni jibu lenu sasa hivi, hata la kubahatisha. Sitatoa alama, nataka kuona mnavyofikiri.

Tutasoma pia sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, na furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, ambao wengi walitoweka baada yake. Hilo linaniuma hadi leo.

Tunaanza saa mbili kamili. Ukichelewa, ingia kimya, usirudi nyumbani. Simu ziwe mfukoni. Swali likikujia kwa Kiswahili, uliza kwa Kiswahili, Kiingereza cha mtihani tutakijenga pamoja. Kunakili kazi ya mwenzako sivumilii kabisa: bora uniletee ukurasa wenye makosa yako mwenyewe.

Ofisini nipo Jumatano mchana. Njooni, msisubiri kufeli.

Haya, nani ameandika kuhusu mbalamwezi?