Mpango wa kuingiza rejista za shule kwenye kompyuta, wiki 5, Ujiji

Wanakikundi habari za jioni, huu ndo mpango tulioelewana na mwalimu mkuu, someni mpaka mwisho maana ile stoo inavuja na mvua zikianza rejista za miaka ya 70 hazitapona. Na huku kwetu mpakani mnajua, mtu akifuata kitambulisho NIDA anaulizwa uthibitisho mpaka anachoka, kuna wazee karatasi pekee yenye jina lao na la mzazi wao ni hiyo rejista.

Vitabu viko 14, mafungu 4, fungu moja kwa wiki. Tunaanza na vile vya 1974 hadi 1979 vilivyoguswa na mchwa, vizima vitasubiri. Kitabu hakitoki shuleni, kinachukuliwa asubuhi kwa kusaini kwenye daftari la mwalimu wa taaluma na kinarudi kabla ya saa 10 jioni.

Wawili wanapiga picha: mmoja anafunua kurasa na kufuta vumbi kwa brashi laini (msitumie kitambaa kibichi jamani, wino unasambaa), mwingine anashika simu kwenye stendi karibu na dirisha, flashi imezimwa. Picha iitwe hivi: `REJ-1974-01_uk012.jpg`, yani mwaka, namba ya kitabu, ukurasa. Wawili wengine wanaingiza kwenye Excel, kila mtu peke yake bila kuchungulia ya mwenzake, halafu tunalinganisha, wakitofautiana tunarudi kwenye picha.

Hapa ndo naomba sana: andikeni kilichopo, msirekebishe. Kama imeandikwa "Hamis" usiweke "Hamisi", na kama tarehe ya kuzaliwa ni "1966" tu, acha 1966, usimtungie mtu Januari mosi, hiyo tarehe itamsumbua mbele ya ofisi. Pasiposomeka weka `[haisomeki]`. Safu ya namba ya uandikishaji iwekwe Text kabla ya kuanza, la sivyo 0047 inageuka 47.

Mkaguzi ni mzee wetu mwalimu mstaafu, anaijua miandiko ile, na yeye haingizi data kabisa. Kila fungu anachomoa jina 1 kati ya 10 analinganisha na kitabu chenyewe, makosa yakizidi 2 kwa majina 100 fungu lote linarudiwa hata kama tumechoka. Pia anahesabu kurasa za kitabu na idadi ya picha, zisipolingana hatufungi fungu.

Kila Ijumaa nakala tatu: kompyuta ya shule, eksteno ya kikundi, na moja inakaa nje ya shule kwa katibu. Hakuna kutuma picha kwenye magrupu, ni taarifa binafsi za watu na sheria ya 2022 ipo.

Wiki ya 5 ni marudio na kukabidhi. Jumatatu saa 2 asubuhi tukutane stoo, mje na barakoa, vumbi la mle si mchezo, na mwenye stendi ya simu aniambie leo.