Muhtasari wa mkataba wa franchaizi ya kuku, tawi la Mwanza

Dada shikamoo. Mkataba nimeumaliza jana usiku, kurasa 64 pamoja na viambatisho. Nakuandikia kwa lugha ya kawaida ili na shemeji asome, maana na yeye jina lake limo humo, nitafika hapo.

Hela ya kuingia ni milioni 45 na VAT juu yake, jumla 53,100,000, inalipwa ndani ya siku 14 baada ya kusaini na hairudi hata duka lisipofunguliwa. Hiyo haigusi frem, majiko wala mafriji, gharama za hayo yote ni juu yako.

Halafu kila Jumatatu unalipa mrabaha 6% ya mauzo ya wiki iliyopita na 2% ya matangazo. Sasa hapa naomba usome taratibu. Kifungu cha 7.2 kinasema mauzo ni "fedha yote iliyopita kwenye mashine ya EFD", yaani na VAT imo humo humo. Ukiuza milioni 60 kwa mwezi, kama 9,150,000 ni ya serikali, siyo yako, lakini hawa wenye chapa wanataka 8% yake pia, hiyo ni laki saba na thelathini kila mwezi unalipia hela ambayo hujaila. Na oda za kwenye apu wanahesabu bei aliyolipa mteja kabla apu haijakata chake. Tena mrabaha ulipwe "bila makato", wakati sheria inakutaka uzuie 15% uipeleke TRA, kwa hiyo hiyo kodi ya zuio itatoka mfukoni kwako. Haya matatu lazima yabadilike. Na kuna kiwango cha chini, milioni 3 kwa mwezi hata duka likilala.

Eneo lako ni wilaya ya Nyamagana tu. Ilemela haimo, ina maana Rock City Mall na uwanja wa ndege wanaweza kumpa mtu mwingine kesho asubuhi, na wewe ulikuwa unaniambia "nimepewa Mwanza", hapana dada, umepewa nusu ya jiji. Hata hiyo Nyamagana ni yako peke yako kwa miezi 24, usipofungua duka la pili ndani ya muda huo wanaruhusiwa kumweka mwingine mtaa wa pili. Oda za apu ndani ya eneo lako wamejibakizia wao waamue nani anapika. Omba Ilemela iongezwe, au angalau wakuulize wewe kwanza kabla hawajampa mtu.

Mafunzo ni siku 21 Dar, wewe, meneja na wapishi wawili. Kufundishwa ni bure ila nauli, malazi na mishahara ya hizo siku ni juu yako. Wao wanaleta mtu mmoja Mwanza siku 5 za ufunguzi, basi. Meneja akiacha kazi una siku 30 kuweka mwingine aliyefundishwa na wao, kwa laki tatu na nusu kila kichwa, na unajua mwenyewe mameneja wanavyohama. Ukishindwa mtihani wa mwisho wanaweza kuvunja mkataba na zile milioni 45 zimeenda, hapo nataka waandike nafasi ya kurudia mara mbili.

Sasa kutoka. Mkataba ni miaka 7. Ukitaka kuacha kabla, notisi siku 180, halafu unalipa wastani wa mrabaha na matangazo wa miezi 24. Kwa mauzo yale yale ya milioni 60 ni 4,800,000 mara 24, milioni 115 na laki mbili. Kutoka ni ghali mara mbili ya kuingia! Na dhamana binafsi kiambatisho cha 5 imeandikwa wewe na shemeji, kwa hiyo kampuni yako ikikosa kulipa wanakuja kwenye nyumba ya Buswelu. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema mahakama itatoa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa, siyo lazima kiasi chote, lakini mpaka ufike huko umeshalipa wanasheria, na usuluhishi wenyewe wameuweka Dar. Tuombe miezi 6, ambayo ni 28,800,000, na jina la shemeji litoke kabisa.

Ukiuza duka wanachukua 10% ya bei na wana haki ya kununua kwanza. Ukifunga, vibao na rangi vitoke ndani ya siku 14, na huruhusiwi kuuza kuku mkoa mzima kwa miezi 18.

Kingine, nchi yetu haina sheria maalumu ya franchaizi, kisichoandikwa kwenye karatasi usikitegemee, hata yule afisa wao alivyokuahidi kwa simu kuhusu punguzo la unga na viungo, humu halimo. Nimeanza kucheki BRELA kama alama ya biashara ni yao kweli.

Alhamisi nipigie saa mbili usiku baada ya kufunga duka, shemeji awepo. Wakikupigia wanataka hela ya kushikia nafasi, waambie mdogo wangu bado anausoma mkataba.